Upande wa Mtaro

Jina la Dereva alipewa na shemeji yake, na lilikuwa utani mtupu, kwa sababu Dereva haoni. Surua ilimchukua macho akiwa bado ananyonya, na tangu hapo hajui hata rangi ya ngozi yake mwenyewe. Lakini mwendo aliujua. Wakiwa barabarani yeye ndiye aliyeamua leo wanakwenda kasi gani, wapi wanaongeza na wapi wanatulia. Shemeji, aliyefungwa naye mkono kwa mkono kwa kipande cha kamba, kazi yake ilikuwa kusema "jiwe," "tuta," "kata kulia," na kuhakikisha hawaishii mtaroni.

"Wewe ndiye dereva," alimwambia siku za mwanzo. "Mimi utingo tu, napiga kelele mlangoni."

Jina likaganda. Hata hospitalini, anakofanya kazi ya kupokea simu, walimwita Dereva, na wageni wakimsikia anaitwa hivyo na kumwona anapapasa ukuta, wanaangaliana. Wanaangaliana bure. Yeye hajali.

Huyo shemeji ni mume wa dada yake. Ni fundi mwashi, mfupi, mwenye maneno mengi, na miguu yake ni ya haraka kama ya kuku aliyeona mtama. Dereva ni mrefu, hatua zake ndefu, za kunyoosha. Ukiwasikia wanapita bila kuwaona ungedhani ni mtu mmoja, maana mwongozaji mzuri hulinganisha hatua zake na za mkimbiaji: mguu ukitua, wa mwenzake umetua. Kamba ilikatwa kwenye kamba ya kuanikia nguo, na dada yake alinuna wiki nzima kwa sababu mashuka yakawa yanaburuta chini.

Na kitu alichokuwa anakitafuta Dereva kwa kamba hiyo ni kimoja tu, tukiseme mapema ili tusizungushane. Kulikuwa na mchujo wa nusu marathoni wa wakimbiaji wasioona. Mwanamke mmoja tu angechukuliwa kuingia timu ya taifa. Miaka yote Dereva alikuwa wa pili, nyuma ya mama mmoja mwenye mapafu ya ng'ombe. Sasa mama yule amestaafu. Na chama kimeshatangaza kwamba baada ya mwaka huu kitachukua wasichana wadogo pekee, wa kulea. Kwa hiyo ni sasa, au basi. Mtu aliyepokea simu za watu wengine maisha yake yote, "subiri nikuunganishe, subiri nikuunganishe," alitaka mara moja tu na yeye aitwe kwa jina lake kwenye kipaza sauti.

Basi mwaka huo wakakaza. Waliongeza umbali haraka haraka, siku baada ya siku, bila kupumzisha miguu. Na kwa sababu njia ya mchujo ina mteremko mrefu karibu na mwisho, wakaanza kwenda kwenye kilima cha matangi ya maji na kukishuka, wakapanda, wakakishuka tena. Wenyewe wakajiona mashujaa.

Dereva ndiye aliyesikia kwanza. Si mwanzo wa mbio. Mwanzo wote mambo yalikuwa safi. Ilikuwa wakishafika karibu na geti la kiwanda cha magodoro, mahali ambapo harufu ya gundi inakukaba koo. Hapo mguu wa kushoto wa shemeji ukawa unatua kwa kusitasita, kama mtu anayekanyaga kitu cha moto. Tap, ta. Tap, ta.

"Shemeji, una nini?"

"Nina uzuri unanisumbua."

"Mguu wa kushoto."

"Kiatu kimekula kokoto. Kaza mwendo, Dereva, abiria wanalalamika."

Akakaza. Kesho yake, pale pale kwenye harufu ya gundi, tap, ta. Keshokutwa ilianza kabla ya gundi. Na kamba ilikuwa inazungumza pia: kila wakishuka kilima ilikuwa inavutwa kidogo kwa nyuma, maana mwenzake anajizuia. Dereva alinyamaza. Tusimwonee, lakini tusimpambe: alinyamaza kwa sababu aliogopa jibu. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Watu wa kukimbia kasi ile wakaridhika kukimbia kwa ajili ya mwingine hawaokotwi barabarani. Alishawahi kufungwa kamba na kijana mmoja wa klabu, akamburuta kama ndama. Mwingine aliahidi, akaoa, akapotea.

Aliyefumua jambo ni dada mtu. Siku moja jioni, wanachambua mchele mezani, alisema, "Mume wangu anashuka ngazi kinyumenyume."

"Ngazi zipi?"

"Za kazini. Fundi mwenzake ndiye aliyeniambia. Kupanda anapanda vizuri, kushuka anageuka kama kaa. Juzi goti lilimgoma juu ya jukwaa, akashika nguzo, ndoo ya zege ikaenda chini. Mungu tu, chini hakukuwa na mtu." Mchele ukatulia kwenye sinia. "Mdogo wangu, mimi sikatazi mbio zenu. Lakini huyu bwana ndiye anayetulisha sote humu. Wewe pia."

Dereva aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kesho yake akamshika shemeji mkono, akampeleka kwa Mama Viungo.

Mama Viungo ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa pale hospitalini. Chumba chake kiko mwisho wa korido, kina harufu ya dawa ya kuchua na vitanda vyenye ngozi ya plastiki inayolia ukikaa. Mikono yake ni mizito na mikavu, na hana subira na wanaume.

"Maumivu yako wapi? Nionyeshe kwa kidole kimoja."

"Hapa nje ya goti."

"Yanaanza lini?"

"Nikishakwenda kitambo. Mwanzo sisikii kitu. Halafu linakuja kama sindano. Nikisimama, linaisha. Nikianza tena, limo."

"Kwenye mteremko?"

"Usiniulize."

"Ukikimbia haraka na ukikimbia polepole, lipi baya?"

Shemeji alifikiri. "Ajabu, polepole ndiyo baya zaidi."

"Si ajabu. Lala ubavu, goti ulikunje." Dereva akasikia plastiki inalia. "Nabonyeza hapa juu ya goti, upande wa nje, palipo na mfupa unaochomoza. Sasa nakunyoosha mguu taratibu." Kimya. Kimya tena. Halafu shemeji akapiga ukelele ambao mapokezi kule waliusikia.

"Ndiyo yenyewe," alisema Mama Viungo, kwa sauti ya mtu aliyepata kitu chake kilichopotea. Akamshika shemeji paja, na kwa ajili ya Dereva akamshika na yeye paja, akampitisha kidole kutoka nyonga, upande wa nje, hadi chini ya goti. "Hapa kuna ukanda. Mgumu kama mkanda wa begi. Unaanzia kwenye misuli ya nyonga, unateremka hivi, unashikilia kwenye mfupa wa mguu hapa chini. Goti likiwa limekunjika kidogo tu, kama linavyokuwa mguu unapotua, ukanda unaukandamiza huu mfupa, na katikati yao kuna nyama laini ya mafuta yenye mishipa ya fahamu. Mara moja si kitu. Ukiikandamiza kila hatua, asubuhi nzima, inavimba, inapiga kelele. Polepole ni vibaya zaidi kwa sababu goti linakaa zaidi kwenye mkunjo ule ule."

"Nimekuwa nikiuchua," alisema shemeji. "Naukandamiza kwa bomba la chuma, paja zima, mpaka machozi yanatoka. Ili ulegee."

"Haulegei, baba. Umeumbwa usilegee. Unajitesa bure na bomba lako. Kinachotakiwa ni kujua nani anauvuta." Akavuta kiti. "Haya, mnakimbiaje? Mnieleze kila kitu."

Wakaeleza. Na hapo ndipo Dereva alipotamani sakafu ipasuke.

Kwa sababu ilikuwa hivi. Miaka ile ya mwanzo, shemeji alikuwa anakimbia upande wa kulia kwake, na siku moja Dereva aliteleza kwenye ukingo wa lami, akaingia mtaroni, akavunja jino la mbele. Alilia siku ile, akasema hakimbii tena. Shemeji akamwapia kwamba mtaro hautamwona tena. Tangu siku ile akahamia kushoto, upande wa mtaro, na wakirudi wanavuka ng'ambo ili abaki upande ule ule. Na lami, kila mtu anajua, katikati imeinuka na ukingoni imelala ili maji ya mvua yateremke. Dereva alikuwa anakimbilia kwenye tambarare. Shemeji, mwaka nenda mwaka rudi, alikuwa anakimbilia kwenye mlalo, mguu wa kushoto chini siku zote, wa kulia juu.

"Na miguu unaiwekaje?" aliuliza Mama Viungo. "Tembea niione." Viatu vikaenda na kurudi. "Mbona unatembea kama uko juu ya ukuta? Mguu mmoja mbele ya mwingine?"

"Nisimkanyage shemeji. Kisigino chake kiko hapa hapa. Nikitanua, naanguka naye."

"Na hatua zako hizi ndefu, umezitoa wapi, wewe mfupi?"

Shemeji akacheka, lakini kicheko kifupi. "Za kwake."

Mama Viungo hakucheka. Akahesabu sababu, moja moja, wala hakumwelekezea Dereva kidole, lakini ilikuwa kama anamsoma yeye. Mlalo wa barabara unauvuta ukanda. Hatua za kuvukana, mguu unatua katikati ya mwili, zinauvuta zaidi. Hatua ndefu kuliko urefu wake, mguu unatua mbali mbele, hivyo hivyo. Misuli ya ubavu wa nyonga dhaifu, kiuno kinaning'inia, paja linaingia ndani. Juu ya hayo, umbali ulioongezwa kwa pupa na kilima kila siku.

"Sindano haipo?" aliuliza shemeji. "Ya kumaliza mambo?"

"Ipo ya kunyamazisha kwa muda. Ukishanyamazisha, utakimbia vile vile, na itakuja na nduguze."

Wakapewa masharti. Kwanza apumzike mpaka ashuke ngazi bila kuumia. Kila siku alale ubavu ainue mguu, na atembee kikaa, ubavu ubavu, na mpira wa tairi la baiskeli magotini, kuipa nyonga nguvu. Halafu aanze kukimbia kidogo kidogo, siku moja aende siku moja apumzike, mahali tambarare, kwa mwendo wa haraka haraka na si wa kuvuta, hatua fupi, nyingi, miguu iachane. Asishuke kilima. Maumivu yakibisha hodi, asimame hapo hapo, asiyakaribishe ndani.

"Na mchujo?" aliuliza Dereva. Sauti yake mwenyewe ilimtoka nyembamba.

"Dada wa simu, mimi natibu goti. Kalenda sitibu."

Ajitahidi nani kama shemeji! Jioni sebuleni alikuwa anatembea kikaa na mpira wake, ukuta hadi ukuta, mkewe anamwambia angekuwa anadeki kabisa njia hiyo hiyo angefaa. Dereva alicheka nao. Usiku alilala anasali, na sala yake, tusifiche, ilikuwa juu ya goti la mtu mwingine.

Likapona. Siku shemeji aliposhuka ngazi za hospitali moja kwa moja, mguu mbele ya mguu, Dereva alimkumbatia kama amefufuka. Mama Viungo akawapeleka kwenye uwanja wa shule iliyo nyuma ya hospitali amsikilize akikimbia. "Peke yake," alisema. "Bila kamba."

Dereva akakaa kwenye benchi la zege, kamba mapajani. Akasikiliza.

Hakuwahi kumsikia shemeji akikimbia peke yake. Miaka yote alimsikia akiwa amefunikwa chini ya mwendo wake. Sasa, jamani, zile hatua! Fupi, nyepesi, nyingi, zimeachana vizuri, kushoto na kulia sawasawa. Alipita mbele ya benchi na upepo wake ukapita. Akazunguka tena. Alikuwa anaimba! Si wimbo wa maana, ni mluzi wa fundi aliye juu ya ukuta siku isiyo na jua. Mama Viungo akampigia kelele kwamba inatosha, hakusikia, au alijifanya hasikii, akaenda mzunguko mwingine. Na Dereva, aliyejua mwendo kuliko kitu chochote duniani, alipima kimya kimya na akaujua ukweli uliomkaa kifuani kama jiwe. Shemeji ana kasi kuliko yeye. Si kidogo. Siku zote alikuwa amejibana.

"Nimepona!" alisema akihema, akajitupa kwenye benchi. "Dereva, funga kamba, safari inaendelea."

Kuanzia hapo wakajaribu kila mlango, na kila mlango uliwafungia usoni. Walijaribu kubadilisha upande, Dereva awe ukingoni na shemeji kwenye tambarare. Alijiambia yeye ni mtu mzima. Lakini mguu ulipousikia ule mlalo tu, mwili mzima ukakakamaa, akawa anamlalia shemeji na kumvuta kamba kama anayezama, na mwendo ukafa. Wakajaribu Dereva afupishe hatua azifuate za shemeji. Akaweza, lakini ilikuwa kama kuongea kwa ulimi wa kukodi. Alihema mapema, na saa ya kuzungumza aliyovaa mkononi ikamtangazia muda ambao hata mwanafunzi wa shule angeuonea aibu. Wakajaribu kamba ndefu zaidi ili shemeji atanue miguu. Kwenye kona ya kwanza wakatengana, Dereva akapiga kiwiko kwenye nguzo ya taa. Uwanja wa shule, wa kuzunguka tambarare, ungefaa, ila wenyewe waliwafukuza, wana mitihani.

"Basi tunarudi kule kule," alisema shemeji. "Kwetu. Goti limeshapona, limekula mpira, lina nguvu."

Wakarudi kule kule, alfajiri, upande wa mtaro. Mwanzo mzuri. Dereva akanyoosha hatua zake ndefu, na akazisikia za shemeji zikirefuka, zikibanana, zikiingia chini ya za kwake mpaka zikapotea. Hakuna mluzi. Harufu ya gundi ikaja. Akashika pumzi.

Tap, ta.

Wakaenda hivyo hivyo mpaka mwisho, watu wawili wazima wanadanganyana kwa miguu. Walipofika nyumbani shemeji alisema, "Leo tumekwenda vizuri, au siyo?" na Dereva akasikia anavyopanda kizingiti kwa mguu wa kulia, na kuuvuta wa kushoto kama mzigo wa mtu.

"Shemeji, tuache."

"Tuache nini?"

"Mchujo. Sikimbii."

Wee! Hajawahi kumsikia amekasirika namna ile. "Usinitukane," alisema. "Nilikuapia. Nilikuambia mtaro hautakuona, na mchujo utakimbia. Mimi si yule kijana aliyekwenda kuoa. Hata nikienda kwa mguu mmoja, nitakwenda." Na Dereva akajua angekwenda kweli. Angekwenda mchujoni na goti lile, kwenye mteremko ule, na baada yake angepanda jukwaa na ndoo ya zege, na siku moja nguzo isingekuwa karibu. Kumwambia "tuache" hakumwachishi. Hata akimkata kamba, shemeji angejilaumu mpaka kaburini kwamba goti lake ndilo lililomnyima Dereva timu ya taifa. Mtu wa namna hiyo unamwachishaje?

Alifikiri siku nzima, anaunganisha simu za watu. Asubuhi iliyofuata, wakiwa katikati ya mbio, kabla ya gundi, akasimama ghafla, akashika goti lake la kulia upande wa nje.

"Aah!"

"Nini?"

"Kama sindano," alisema Dereva. "Hapa nje. Kumbe ndivyo linavyouma? Pole shemeji, nilikuwa nakuonea."

"Tangu lini?"

"Siku kadhaa. Nilikuficha. Mwanzo silisikii, nikishakwenda kitambo linakuja. Jana ngazi za kazini nimeshuka kwa kushikilia ukuta."

Maneno yote alikuwa nayo. Aliyaokota kwenye chumba kile, moja moja, kama mtu anayeokota sarafu za mwenzake.

Wakaenda kwa Mama Viungo, safari hii yeye ndiye wa kulala kwenye plastiki. Shemeji alisimama upande wa kichwa, akahema kwa pua. "Lala ubavu," alisema Mama Viungo. Mkono mzito ukamkunja goti, kidole gumba kikabonyeza pale juu ya mfupa, na mguu ukaanza kunyooshwa taratibu. Hapo ndipo Dereva alipogundua kwamba kuna kitu kimoja hakukiokota. Siku ile alisikia ukelele wa shemeji, lakini hakuona mguu ulikuwa umefika wapi. Ni mwanzo? Ni katikati? Ni ukishanyooka? Mguu unakwenda. Akaona akichelewa atakuwa amekosa.

"Aah! Hapo! Hapo hapo!"

Mkono ukasimama.

Goti lilikuwa bado limekunjika nusu, mbali kabisa na pale ukanda unapougusa mfupa. Dereva alijua amekosea kwa jinsi kile kidole gumba kilivyotulia juu ya ngozi yake, hakibonyezi, hakiondoki. Alisikia saa ya ukutani. Alisikia gurudumu la kitanda cha wagonjwa likipita koridoni. Akageuza uso wake kuelekea alikodhani uso wa yule mama uko, akamwomba kwa kila kitu alichokuwa nacho usoni, hajui kama kilionekana.

"Ndiyo yenyewe," alisema Mama Viungo hatimaye. Sauti ilikuwa nzito. "Kali kuliko ya shemeji yako. Mchujo usahau, dada wa simu. Na wewe baba, usimshawishi."

Na shemeji akashusha pumzi.

Ilikuwa pumzi ndogo. Mtu anayeona asingeisikia. Lakini Dereva aliisikia ikitoka yote, kutoka chini kabisa, pumzi ya mtu aliyetuliwa gunia ambalo hakuwa amekubali hata siku moja kwamba ni zito. Kisha akaanza haraka haraka kusema pole, pole sana shemeji, mapenzi ya Mungu, utapona, mwaka ujao. Mwaka ujao wa nani? Wote watatu walijua. Dereva akasema ndiyo, mwaka ujao, na akaomba asaidiwe kushuka kitandani, akakumbuka kuchechemea.

Uchungu wake ulikuja baadaye, kwa awamu, kama malaria. Ulikuja siku ya mchujo, alipokuwa kwenye kiti chake anamwambia mtu asubiri amuunganishe. Ulikuja aliposikia kwa wengine kwamba aliyechukuliwa ni msichana ambaye Dereva alikuwa akimwacha nyuma hata akiwa na mafua. Alitaka kulia, akakuta zamu haijaisha.

Lakini uliokaa ni wa asubuhi moja ya kawaida tu. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, na dada yake amepiga magoti sakafuni, anamchua lile goti la kulia kwa dawa ya kuchua aliyoinunua mwenyewe. Kamba ilikuwa imesharudi uani, imeungwa kwa fundo kwenye kamba ya nguo, na mashuka hayaburuti tena. Dada yake alikuwa na mikono ya upendo. Alichua polepole, asimwumize.

"Nikwambie kitu, usinielewe vibaya?" alisema dada. "Namshukuru Mungu kwamba limekuwa lako. Lingekuwa lake lingetumaliza. Wewe kazi yako ya kukaa."

"Hata mimi nimeshukuru," alisema Dereva.

Mlango wa uani ukafunguka, ukafungwa. Hatua zikatoka, fupi, nyepesi, zimeachana vizuri, zikakata kona ya nyumba na kushika barabara, katikati ya lami kwenye tambarare, na mluzi juu yake. Dereva alizifuata mpaka kiwandani, mpaka masikio yakamwishia. Dawa ilikuwa inachoma kwenye goti lisilo na kitu. Dada yake alimwona amekunja uso.

"Hapo ndipo panapouma?"

"Hapo hapo," alisema Dereva.